Homa Ambayo Hakuna Aliyeipima

Tumchukue mwanafunzi wa kubuni: muuguzi aliyefanya kazi miaka kadhaa katika hospitali ya wilaya huko Kanda ya Ziwa, na sasa yuko chuoni akisomea shahada ya uzamili. Anataka kutafiti unyanyapaa wa wahudumu wa afya dhidi ya wagonjwa wa saikosisi. Kabla hajaruhusiwa kugawa dodoso hata moja, lazima aandike sura inayoeleza atauliza nini na atalitazama jambo hilo kwa nadharia ipi. Rasimu yake ya kwanza ina swali moja: "Je, wahudumu wa afya wanawanyanyapaa wagonjwa wa saikosisi?" Msimamizi analizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Nani atakujibu ndiyo?"

Kauli hiyo fupi inatosha kuirudisha sura nzima mezani. Muuguzi ukimuuliza kama ananyanyapaa atasema hapana, na huenda hadanganyi. Anajijua kuwa mtu wa huruma, hajawahi kumtukana mgonjwa, na kiapo chake anakikumbuka. Lakini unyanyapaa wa hospitalini haukai sana kwenye kauli. Unakaa kwenye utaratibu wa kazi: nani anaitwa kwanza, nani anapimwa nini, nani anaelezwa matumizi ya dawa yake na nani anadungwa tu sindano bila kuambiwa ni ya nini. Swali la "upo au haupo" haliwezi kuufikia huko.

Saikosisi yenyewe ni hali ya mtu kupoteza mshiko wake na uhalisia. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anashikilia imani ambazo hakuna hoja inayoweza kumbandua nazo, mazungumzo yake yanakatikakatika. Skizofrenia ndiyo inayotajwa zaidi, ila saikosisi huweza pia kuja na ugonjwa wa hisia mseto, baada ya kujifungua, kwa sababu ya bangi au pombe, au kwa maambukizi yanayogusa ubongo. Hicho cha mwisho ndicho kinacholeta kisa cha mapokezi.

Kijana analetwa saa tatu usiku kwa bajaji, mikono imefungwa kwa kanga. Anaongea peke yake na anapigana na hewa. Mama yake anamwambia muuguzi wa zamu, "Mwanangu, huyu tangu jana hajala, na mwili unachemka." Muuguzi analifungua daftari la kliniki, analikuta jina lake: aliwahi kutibiwa saikosisi miaka miwili iliyopita. "Mama, kaa naye hapo nje kwanza, tutampa ya kumtuliza." Sindano inatolewa, kijana analala, na kipimajoto kinabaki mfukoni. Asubuhi ndipo mtu anapomgusa na kushtuka. Malaria kali inaweza kumchanganya mtu akili, sukari kushuka inaweza, homa ya uti wa mgongo inaweza. Tofauti ilikuwepo kwa aliyetaka kuiona: aliyechanganyikiwa kwa maradhi ya mwili mara nyingi fahamu zake hupanda na kushuka ndani ya saa chache, hajui ni asubuhi au usiku, na huwa anaona vitu zaidi kuliko kusikia sauti.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini njia yake inafahamika vizuri kwa watafiti: jina la ugonjwa wa zamani linaufunika ugonjwa mpya. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na maradhi ya mwili yanayozuilika, yakiwemo ya moyo, kisukari na maambukizi. Umaskini na madhara ya dawa vina mchango wao. Kipimajoto kilichobaki mfukoni nacho kina wake, na huo ndio mwanafunzi wetu anaoweza kuutafiti.

Sasa aingie kwenye nadharia. Wanafunzi wengi huiogopa sehemu hii na kuijaza majina, kila mwananadharia aya moja, kisha hakuna anayerudi kutajwa hadi mwisho wa tasnifu. Kiunzi cha nadharia kina kazi moja tu: kumwambia mtafiti atazame wapi. Nadharia isiyobadilisha swali hata moja iondolewe.

Wa kwanza kutajwa karibu kila mara ni Erving Goffman, mwanasosholojia aliyekaa katika hospitali kubwa ya magonjwa ya akili mjini Washington akitazama maisha ya wodini, kisha mwaka 1963 akatoa kitabu chake juu ya unyanyapaa. Hoja yake kuu ni kwamba unyanyapaa si kitu kilichomo ndani ya mtu. Ni uhusiano baina ya sifa fulani na matarajio ya walio karibu. Hilo ni la msingi, lakini kwa mwanafunzi wetu halitoshi, maana Goffman anatuambia zaidi jinsi mwenye alama anavyoishi nayo kuliko jinsi anayeiweka anavyofanya kazi.

Bruce Link na Jo Phelan walisogeza mbele mwaka 2001. Kwao unyanyapaa ni mlolongo: watu wanapewa jina, jina linaunganishwa na sifa mbaya, "wao" wanatenganishwa na "sisi", kisha wanashushwa hadhi na kubaguliwa. Ila wakaweka sharti ambalo wengi hulisoma haraka na kulipita: mlolongo huu hauna meno pasipo mamlaka. Mgonjwa naye anaweza kumwita nesi mkali majina na kumkwepa, lakini nesi hatakosa matibabu kwa sababu hiyo. Mhudumu ndiye anayeandika kwenye faili, na kilichoandikwa kwenye faili humfuata mgonjwa kila anakokwenda. Mtaani mtu akisema "huyu ni wa Milembe" maneno yanapita. Neno hilo likiandikwa kwa lugha ya kitaalamu juu ya jalada, linaamua nani anapimwa.

Tayari swali limeanza kubadilika. Badala ya kuuliza wahudumu wanafikiri nini, mwanafunzi anaweza kuuliza jina la ugonjwa linabadilisha nini katika uamuzi wao. Ni swali jingine kabisa, na lina jibu linaloweza kuhesabika.

Graham Thornicroft na wenzake wa London walirahisisha zaidi mwaka 2007. Walisema ndani ya unyanyapaa kuna matatizo matatu: la ujuzi, yaani kutojua, la mtazamo, yaani chuki na woga, na la vitendo, yaani ubaguzi. Mgawanyo huu unapendwa kwa sababu unapimika, na kwa sababu unaruhusu hospitali iwe na tatizo moja bila jingine. Unaweza kukuta wodi yenye wahudumu wenye ujuzi mwingi na ubaguzi mwingi.

Hapo ndipo dhana moja iliyozoeleka inapovunjika. Mapendekezo mengi ya utafiti huchukulia kwamba ukimfundisha mhudumu kuwa saikosisi ni ugonjwa wa ubongo, si laana wala jini, unyanyapaa utapungua. Uchambuzi uliounganisha majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha picha yenye pande mbili. Watu wakielezwa kuwa chanzo ni ubongo na kurithi, lawama kwa mgonjwa hupungua. Lakini hukata tamaa zaidi juu ya kupona kwake, na hamu yao ya kukaa naye mbali kwa kawaida haibadiliki. Ukiitazama kama mhudumu, si ajabu: kama ubongo wenyewe umeharibika, kuna haja gani ya kukaa chini kumweleza jinsi ya kumeza dawa? Mwanafunzi akipima ujuzi peke yake, atapata alama nzuri na kutangaza kuwa tatizo limekwisha.

Patrick Corrigan anasaidia kueleza kinachotokea katikati. Alichukua nadharia ya saikolojia inayosema kwamba tunapoona tabia ya mtu, kwanza tunatafuta sababu, sababu inazaa hisia, na hisia ndiyo inayozaa kitendo. Nikiamini kijana kajitakia kwa bangi, napata hasira, na hasira inanifanya nimnyime msaada. Nikiamini hana kosa, napata huruma, nitamsaidia. Iko pia njia ya pili: nikiamini ni hatari, napata woga, na woga unaniweka mbali naye, hata kama simlaumu hata kidogo. Kwa wahudumu wa saikosisi njia hii ya pili ndiyo nzito. Muuguzi yule wa mapokezi hakuwa na hasira na kijana. Alimwogopa, na kupima joto kunahitaji kusogea.

Corrigan alitengeneza pia dodoso la sentensi 27, nalo huanza na kisa kifupi cha mwanamume wa miaka 30 anayeitwa Hari, mwenye skizofrenia, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi kubwa ya mawakili. Ukilichukua dodoso hilo jinsi lilivyo ukalipeleka wilayani Kanda ya Ziwa, wahudumu watajaza, na takwimu zitatoka. Shida ni kwamba mgonjwa wanayemjua haishi peke yake. Anaishi kwa mama yake, anakuja kliniki akiwa ameshikwa mkono na kaka, na kazi yake ilikuwa kusuka mikeka au kushona viatu kabla haijakatika. Kisa hakina budi kuandikwa upya, kijaribiwe kwa wahudumu wachache ambao hawatakuwemo kwenye utafiti, na waulizwe kama mtu huyo wanamfahamu.

Kasoro ya namna hiyo iko pia kwenye vipimo vya mtazamo vilivyotengenezwa mahususi kwa wahudumu wa afya. Kimoja kinachotumika sana kilitoka Kanada, na toleo lake fupi lina sentensi 15. Ni kizuri, lakini kinaongelea ugonjwa wa akili kwa ujumla. Mhudumu anayejaza akiwa na mwenzake aliyepata sonona baada ya kufiwa kichwani mwake atajibu kwa upole. Anayejaza akimfikiria kijana wa kanga mikononi atajibu vingine. Sura ya mwanafunzi inazungumzia saikosisi, basi kipimo chake nacho kiitaje.

Kuna jambo moja ambalo mimi ningelipa nafasi kubwa kuliko vitabu vya mbinu vinavyolipa. Tumezoea kuambiwa kwamba kukaribiana na watu huondoa chuki, hoja iliyopata sura yake maarufu kwa Gordon Allport mwaka 1954. Kwa hesabu hiyo muuguzi wa wodi ya akili angekuwa wa mwisho kunyanyapaa, maana anawaona wagonjwa kila siku. Tatizo ni masharti aliyoyaweka Allport mwenyewe: wanaokutana wawe na hadhi sawa katika mkutano huo, wawe na lengo moja, washirikiane, na mamlaka iunge mkono. Mtu aliyesimama na bomba la sindano na mtu aliyeshikwa na watu wanne hawako katika hali hiyo hata chembe.

Zaidi ya hapo, mhudumu anawaona wagonjwa waliozidiwa tu. Aliyepata nafuu akarudi shambani haji wodini kuonekana; anayerudi ni yule aliyeanguka tena. Jacob na Patricia Cohen walilieleza kosa hili la macho mwaka 1984: daktari anayekutana na wagonjwa sugu zaidi huishia kuamini kwamba ugonjwa wenyewe kwa kawaida ni sugu. Anasema kwa uzoefu, tena uzoefu wa kweli, ila sampuli yake imepinda. Kwa hiyo swali la "umefanya kazi na wagonjwa hawa kwa miaka mingapi?" halitoshi. Mwanafunzi aulize pia kama mhudumu amewahi kukutana na mtu mwenye saikosisi akiwa mzima wa kutosha kuzungumza mambo ya kawaida, na wapi: nyumbani, msikitini, kanisani, sokoni, au kliniki.

Baada ya haya yote maswali yake yanabaki matatu. Je, jina la saikosisi kwenye maelezo ya mgonjwa linabadilisha vipimo na rufaa anazoamua mhudumu kwa malalamiko yale yale ya mwili? Je, mabadiliko hayo yanaelezwa zaidi na lawama, na woga, au na kukata tamaa? Na je, wahudumu wenyewe wanaelezaje uamuzi wao katika mazingira ya kazi waliyomo? La kwanza limetoka kwa Link na Phelan, la pili kwa Corrigan, la tatu linahitaji mahojiano, na ndilo litakalomwezesha kusikia mambo ambayo nadharia zote mbili hazikuyatarajia.

Swali la kwanza linajibika kwa jaribio la karatasi. Andika kisa cha mwanamume wa miaka 34 mwenye maumivu makali ya juu ya tumbo kwa siku tatu, anatapika, hanywi pombe. Hiyo ni karatasi ya kwanza. Karatasi ya pili ni ile ile neno kwa neno, ila imeongezwa sentensi kwamba aligundulika na skizofrenia miaka mitano iliyopita, anachomwa sindano ya flufenazini kila mwezi, na hajasikia sauti kwa miaka miwili. Karatasi zinachanganywa, kila mhudumu anapewa moja bila kujua kuna nyingine, na anaulizwa leo atampima nini, atampa rufaa au la, na anaamini kiasi gani kwamba maumivu yapo. Msimamizi atauliza mara moja: utajuaje kwamba tofauti imetokana na skizofrenia, na si kwa sababu tu mtu huyu ana ugonjwa wa kudumu? Jibu ni karatasi ya tatu, ambayo mahali pa skizofrenia inaweka pumu. Pumu na skizofrenia zote ni za kudumu. Moja ndiyo yenye aibu.

Idadi ya watu inatokana na tofauti anayotaka kuweza kuiona. Tuseme anatarajia asilimia 70 ya wahudumu waagize vipimo vinavyotakiwa kwa mgonjwa wa kawaida, na asilimia 50 kwa mwenye skizofrenia. Kwa vigezo vya kawaida vya takwimu, atahitaji watu 93 kwa kila karatasi. Karatasi tatu zinafanya 279, na akikadiria kwamba mmoja kati ya kumi hatarudisha, agawe 310. Hospitali moja ya wilaya haina madaktari, matabibu na wauguzi wa kiasi hicho wanaopokea wagonjwa, hivyo atahitaji hospitali kadhaa, na karatasi zichanganywe ndani ya kila hospitali. Vinginevyo tofauti ya hospitali moja yenye maabara nzuri itajifanya tofauti ya unyanyapaa. Karatasi zigawiwe na mtu asiye mkubwa wa idara, zirudishwe kwenye boksi lililofungwa, bila majina.

Karatasi ina kikomo chake: inapima nia. Kwenye karatasi hakuna anayepiga kelele, hakuna foleni ya akina mama wenye watoto wa homa, na kipimajoto kipo daima. Kwa hiyo sura nzuri itaongeza chanzo cha pili cha ushahidi, yaani mafaili ya wagonjwa wa dharura, yakipekuliwa kwa kibali cha kamati ya maadili, kuangalia kama joto, shinikizo la damu na sukari viliandikwa siku ya kupokelewa. Hayo matatu yanachukua dakika chache, na kukosekana kwake kunaonekana.

Woga wa wahudumu nao usifanywe upuuzi. Wapo waliopigwa kweli, usiku, wakiwa wawili kwenye wodi yenye vitanda vilivyojaa, bila mlinzi. Mtafiti akiita kila tahadhari unyanyapaa, wahudumu watafunga midomo, na watakuwa na haki. Tofauti inaweza kuwekwa wazi hivi: tahadhari hufuata hali ya mgonjwa wa leo, unyanyapaa hufuata jina lake la jana. Ndiyo maana mtu wa kwenye karatasi ya pili ametulia miaka miwili. Kama bado anakosa vipimo, kilichomnyima si fujo yake.

Kwenye mahojiano, mwongozo usianze na neno unyanyapaa. Uanze na kazi: "Nieleze mgonjwa wa mwisho wa namna hii uliyempokea, tangu alipofika mlangoni." Huko ndiko yatakakotokea mambo kama la shingo kupinda na macho kugeuka juu saa chache baada ya haloperidoli, madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, hasa kwa vijana, yenye tiba yake, ambayo huweza kudhaniwa mgonjwa anaigiza au jini limepanda. Mtafiti asikilize nani aliamini nini, na ni muda gani ulipita kabla ya dawa ya kuyarekebisha kutolewa. Na kwa kuwa mwanafunzi wetu ni muuguzi wa eneo hilo hilo, asiwahoji watu aliowahi kupanga nao zamu; watamsimulia kile wanachodhani tayari anakijua.

Sehemu ya mwisho ya sura, ambayo wengi hawaiandiki, inaeleza ni matokeo gani yatakayoonyesha kwamba mtafiti amekosea. Wahudumu wa karatasi zote tatu wakiagiza vipimo sawasawa, na mafaili yakaonyesha kwamba sukari haipimwi kwa mgonjwa yeyote, mwenye saikosisi au asiyekuwa nayo, basi katika hospitali hizo tatizo haliko kwa jina la ugonjwa. Huenda vijiti vya kupimia sukari viliisha, na agizo la vingine linangoja saini bohari.